Kahawa ya kulowekwa si kahawa ya barafu: ninavyoipima hapa Malaba

Karibu kila gunia la kahawa ya Uganda linalosafirishwa kupitia bandari ya Mombasa huvuka mpaka hapa Malaba au pale Busia. Ndani yamo ya robasta kutoka nyanda za kati na ya arabika kutoka miteremko ya Mlima Elgon, ambao unauona kutoka hapa asubuhi mawingu yakiondoka. Madereva wanaoyabeba wengi ni watu wa kwetu, wa Changamwe, Mikindani na Jomvu. Wakifika kwenye foleni mchana wa jua kali, hawataki tena kahawa chungu ya moto kwenye kikombe kidogo. Wanataka baridi.

Ndiyo maana vibanda vya vinywaji baridi vimeongezeka pande zote mbili za mpaka, na kila chupa imeandikwa kahawa baridi. Nimezionja nyingi. Zipo aina mbili ndani ya jina hilo moja, na kuzichanganya kunamtia muuzaji hasara na mnywaji tumbo la kuendesha.

Ya kwanza ni kahawa ya barafu. Hii ni kahawa iliyotengenezwa kwa maji ya moto kama kawaida, kisha ikapozwa. Kosa linalofanyika sana ni kumimina kahawa ya kawaida juu ya barafu. Barafu inayeyuka, na unachokunywa ni maji ya rangi ya chai. Dawa yake ni kuihesabu barafu kama sehemu ya maji. Kwa gramu 60 za kahawa iliyosagwa, badala ya lita nzima ya maji ya moto, tia mililita 600, chuja, kisha mimina juu ya gramu 400 za barafu. Barafu ikiyeyuka, ukali unarudi pale pale ulipotakiwa. Inywe siku hiyo hiyo. Maji ya moto yameshatoa manukato yote, na manukato hayo hayakai. Kesho yake utasikia ladha ya boksi lililolowa.

Ya pili ndiyo inayoitwa koldi bruu mjini, nami naiita kahawa ya kulowekwa. Hapa maji ya moto hayaguswi kabisa. Kahawa inalowekwa ndani ya maji baridi kwa saa nyingi, inachujwa, na kinachobaki ni kahawa nzito. Mtu wa pwani ataielewa haraka akifikiria tui: hii ni kama tui la kwanza kwa uzito wake, hainywewi hivyo hivyo, inaongezwa maji wakati wa kutumia. Maji baridi hayatoi uchachu na uchungu kwa wingi kama ya moto, kwa hiyo hata robasta, ambayo ni kali kwa asili, inatoka laini. Usidanganyike na ulaini huo ukaona ni kahawa dhaifu. Robasta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na dereva aliyekunywa glasi tatu akidhani ni sharubati hatapata usingizi wake wa zamu.

Mimi hupima hivi. Gramu 200 za kahawa kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kuchemsha ni lazima, kwa sababu hakuna moto mwingine utakaoua vijidudu baadaye, na barafu nayo itoke kwenye maji ya namna hiyo. Kahawa isagwe kwa chenga kubwa, kama mchele uliovunjika. Ile ya kutwanga kinuni hadi ikawa unga, tunayoipikia kwenye dele, haifai hapa: inapita kwenye kitambaa, inaacha mashapo, na inaendelea kutoa uchungu hata ndani ya chupa. Chujia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Kifumbu cha nazi kiache, mafuta yake yatanuka ndani ya kahawa.

Machicha hushika maji karibu mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo gramu 200 zitakunyima mililita 400 hivi. Ile lita moja inakuwa mililita 600. Usiyakamue machicha ili kupata zaidi, utakamua uchungu. Kwa kila glasi natia mililita 100 za kahawa nzito, mililita 100 za maji, halafu barafu. Napata glasi sita, kila moja imekula gramu 33 za kahawa. Kwa njia ya barafu niliyoeleza juu, glasi ya kiasi hicho inakula gramu 15 hivi. Kwa hiyo anayeuza kahawa ya kulowekwa kwa bei ya kahawa ya barafu ama anapata hasara, ama anaongeza maji kimyakimya. Madereva wanalijua hilo. Mmoja aliwahi kumwambia jirani yangu, “Mama, hii umeiosha, hukuipika.”

Saa za kuloweka ndipo Malaba na Mombasa zinapoachana. Huku tuko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari na usiku unapoa. Nikiloweka saa mbili usiku, nachuja saa nne asubuhi, saa 14, na inakuwa sawa. Ikichujwa kabla ya saa 12 huwa nyepesi na haina mwili. Ikipita saa 24 inakuwa na ladha ya mti mkavu na inakausha ulimi. Mombasa, ambako usiku wenyewe una joto, nisingeiacha mezani. Iweke kwenye friji tangu mwanzo, uiache saa 18 hadi 24, maana kwenye baridi inatoka polepole zaidi.

Sasa suala ninalogombana nalo na wenzangu: inakaa siku ngapi? Kahawa nzito isiyotiwa kitu, kwenye chupa safi iliyofungwa, katika friji ya nyuzi 4 au chini yake, inabaki na ladha nzuri kwa wiki moja. Hadi siku ya kumi bado inanyweka, ila imepooza. Ukishaitia maji, hesabu inaanza upya na inakuwa fupi, siku mbili au tatu. Ukitia maziwa, iuze siku hiyo. Chupa za maziwa zinazochanganywa alfajiri na kushinda kwenye beseni la barafu kando ya foleni, mimi sizinunui. Tunza kahawa nzito, changanya mbele ya mteja.

Wapo wanaosema kahawa ni chungu, haiozi. Uchungu si kinga. Kinachozuia vijidudu ni uchachu, na kahawa haina uchachu wa kutosha kama ndimu au siki. Ndiyo sababu chupa iliyofungwa kabisa ikaachwa kwenye joto ni hatari zaidi: kuna bakteria wanaopenda mahali pasipo hewa, na sumu yao haina harufu wala rangi. Ukifungua ukasikia gesi, ukaona utando au ukungu, au ikanuka kama mtindi, mwaga. Lakini kutoona dalili hizo si cheti cha usalama, tegemea tarehe uliyoandika kwenye chupa.

Na stima ikipotea, usiifungue friji. Ikiwa imefungwa inashika baridi kwa saa nne hivi. Baada ya hapo ya maziwa inamwagwa bila mjadala. Ile nzito, ikiwa friji imeshinda na joto mchana kutwa, nayo naimwaga, naloweka nyingine usiku.