Lubumbashi: Kapita na hesabu ya saa za zaidi

Katika karakana na viwanda vya Lubumbashi, delege wa sendika na mwajiri ndio wanaotia sahihi makubaliano ya pamoja. Lakini ni kapita anayejaza karatasi ya pwentaji kila siku. Akiandika vibaya, mshahara unatoka pungufu mwisho wa mwezi, na watu wake wanamwuliza yeye kwanza.

Kapita hahitaji kubeba kitabu kizima. Karatasi moja inatosha, kama inajibu maswali mawili: kila mtu yuko daraja gani, na saa zake zinahesabiwa namna gani.

Daraja linafuata kazi, halifuati jina lililoandikwa kwenye kontra zamani. Ngazi inaanzia kwa manevri wa kawaida na kupanda hadi kwa mafundi wenye ujuzi mkubwa, kisha wasimamizi. Manevri anayechomelea vyuma kila siku anafanya kazi ya fundi. Kapita akiona hivyo, inafaa amwarifu delege mapema.

Kuhusu saa, Kodi ya Kazi ya mwaka 2002 inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Makubaliano yanaweza kumpa mfanyakazi zaidi ya sheria, lakini hayawezi kumpunguzia. Saa 6 za kwanza juu ya 45 zinaongezewa asilimia 30, na zinazofuata asilimia 60. Saa za siku ya mapumziko zinaongezewa asilimia 100.

Mfano ni fundi mwenye mshahara wa msingi wa faranga 585.000 kwa mwezi. Saa 45 kwa juma ni sawa na saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo saa yake moja ni faranga 3.000. Juma moja amefanya saa 53, bila kugusa siku ya mapumziko. Amezidisha saa 8. Saa 6 kwa faranga 3.900 ni 23.400, na saa 2 kwa 4.800 ni 9.600. Jumla ni faranga 33.000.

Kuna makosa mawili yanayomla fundi huyo. La kwanza ni kulipa saa zote 8 kwa bei ya kawaida: anapata 24.000 na kupoteza 9.000. La pili halionekani upesi. Juma linalofuata kazi imepungua, amefanya saa 37, na ofisi inasema majuma mawili yamefika saa 90, basi hakuna cha zaidi. Hapo anakosa 33.000 zote, ingawa hesabu inafanywa juma kwa juma.

Ndiyo maana kapita anafaa kufunga jumla ya saa kila mwisho wa juma, kuonyesha kila mfanyakazi, na kubaki na kopi. Malipo yakifika, zile saa 8 ziwe kwenye mistari miwili, 6 na 2. Zikiwa kwenye mstari mmoja, aulize kabla watu hawajatia sahihi.