Mkato Unaotangulia Ngoma

Wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika hupiga kila baada ya sekunde 0.6. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 15. Mhariri akikata picha kila fremu 15, hesabu inakaa sawa, lakini punde mtazamaji anaanza kuubashiri kila mkato kabla haujafika.

Wahariri wazoefu huanza kwa kusikiliza. Wimbo ukicheza ndani ya DaVinci Resolve, hubonyeza herufi M kwenye kila pigo zito ili kuweka alama, kisha huchagua alama chache tu za kukata.

Mfano ni mchezaji anayeruka na kukanyaga sakafu. Kinachotua kwenye pigo ni mguu. Mkato wenyewe unatangulia, fremu sita hivi kabla, mchezaji akiwa bado hewani. Jicho linapata nafasi ya kuizoea picha mpya, kisha kishindo na ngoma vinakutana. Picha hiyo inaweza kubaki kwa mapigo manane, hadi mwimbaji amalize mstari, ndipo mikato miwili ya haraka ifungue kiitikio.

Kuhakiki kazi, mhariri huzima sauti na kutazama. Picha zikipishana kwa urefu uleule mfululizo, hurefusha baadhi na kuondoa mikato ya katikati.