Swali Moja, Vyanzo Viwili

Mwalimu wa kidato cha tatu anaandika ubaoni: Kwa nini Vita vya Maji Maji vilizuka mwaka 1905? Swali hilo halifutwi hadi kipindi kiishe.

Kwanza wanafunzi wanasoma dondoo ya kitabu cha Gavana von Götzen, kilichotoka 1909, kinachowalaumu sana waganga. Kisha wanasoma kumbukumbu za wazee, zilizokusanywa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, zinazotaja kulimishwa pamba kwa nguvu.

Hapa wengi hukimbilia kuuliza nani mwongo. Mwalimu awarudishe kwenye maandishi: nani anasema, lini, akimwambia nani? Gavana alikuwa akitetea utawala wake. Wazee walisimulia baada ya miaka sitini na zaidi. Ndipo kila mwanafunzi aandike jibu lake, akitaja ushahidi wa pande zote mbili.