Sekunde Sitini, Jina Mwishoni

Mama mmoja amekaa nyumbani, macho yamemlowa. Mumewe anaingia, anashtuka, anauliza kulikoni. Mtoto wao amepiga simu, anajibu. Yuko salama? Yuko salama. Sasa unalia nini? Ndipo mama anapoeleza kwamba kijana hakuwa na shida yoyote. Alipiga tu kumwambia mama yake kuwa anampenda.

Hilo lilikuwa tangazo la kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lilitoka katika kampeni iliyoandaliwa na wakala wa matangazo N. W. Ayer kuanzia mwaka 1979, kuwashawishi watu wapige simu za mbali hata pasipo msiba wala dharura. Hakuna aliyetaja bei. Hata simu yenyewe ilikuwa imeshapigwa na kukatwa kabla mtazamaji hajaanza kutazama. Lakini uondoe upigaji wa simu katika kisa kile, na machozi ya mama yanakosa sababu. Hapo ndipo tangazo la namna hii linaposimama au kuanguka: kinachouzwa kinafichwa machoni, lakini ndicho kinachosukuma kisa tangu mwanzo.

Wengi hukosea hapo. Huandika kisa cha kuhuzunisha, kisha sekunde za mwisho hubandika nembo. Hata tangazo maarufu la TrueMove H ya Thailand, lililotoka Septemba 2013 na kutazamwa dunia nzima, lina udhaifu huo. Mwenye mgahawa anamlipia mtoto aliyekamatwa akiiba dawa kwa ajili ya mama yake. Miaka 30 baadaye mzee huyo anaugua, na daktari anayefuta deni lake la hospitali ni yule mtoto. Kisa kinaliza kweli. Ila simu haina kazi ndani yake, na kampuni ya bima au ya dawa ingeweza kuweka jina lake pale bila kubadilisha picha hata moja. Lilichukua zaidi ya dakika tatu, muda ambao mwandishi wa sekunde sitini hana.

Namna ya kuepuka kosa hilo inaonekana vizuri zaidi katika mfano. Tuseme kampuni ya simu nchini Tanzania imejenga mnara katika kijiji kilichokuwa hakina mtandao, na inataka tangazo. Mwandishi mzuri haanzi na machozi. Anaanza na swali: kabla ya mnara, watu wa hapo walikuwa wanafanyaje? Jibu linajulikana vijiji vingi: walikuwa wanapanda kilimani kutafuta mtandao. Kisa kimepatikana.

Skripti ya tangazo huandikwa kwa safu mbili, picha kushoto na sauti kulia, na kila tukio hupewa sekunde zake. Sekunde tano za kwanza: mkono wa mzee unafunga vifungo vya shati safi. Kisha mzee anatoka nyumbani jioni, kigoda mkononi, anapita njia ya kilimani. Anapumzika, anaendelea. Mtazamaji anaanza kubuni mwenyewe: anakwenda kaburini? Anakwenda kusali? Mwandishi amwache abuni, wala asimpotoshe kwa uongo, kwa mfano kumshikisha mzee maua. Mtu akigundua kuwa alidanganywa hukasirika, na hasira hiyo humfuata mwenye nembo.

Njiani mzee anakutana na kijana anayeshuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo juu kuko vizuri."

Mwandishi anayeiga skripti za Kiingereza angeikata salamu hiyo ili kuokoa muda. Hawezi. Kijana akimpita mzee kimya, watazamaji wataacha kisa na kuzungumzia adabu. Mazungumzo hayo, pamoja na hatua za kupishana, yanakula sekunde kama tano, kwa hiyo yapewe kazi: ndani yake ndimo siri inamofichwa. Mtazamaji anasikia habari za hewa au upepo. Akitazama mara ya pili anajua kijana alikuwa anazungumzia mtandao. Maneno yote ya skripti yasomwe kwa sauti huku saa ikihesabu, kwa kasi ya mzee aliyechoka na kilima. Mwandishi akisoma kimoyomoyo hujidanganya.

Karibu na sekunde ya 30 mzee anafika chini ya mwembe, anakaa kwenye kigoda, anangoja. Hapa hakuna neno wala muziki, upepo tu, kwa sekunde nane nzima. Ndizo sekunde ambazo mteja atataka kuzijaza, na ndizo mwandishi anapaswa kuzipigania kuliko zote, kwa sababu bila kungoja hakuna kinachofunguka. Kisha mfuko wa shati unalia. Mzee anatoa kitochi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Umekula?"

Basi. Binti hasemi kwamba amemkumbuka baba yake. Swali la chakula limeshasema, na kila mzazi aliye mbali na mwanawe analielewa.

Sekunde ya 50, jioni nyingine. Kigoda kiko mlangoni, mzee amekaa na shati la nyumbani, simu inalia pale pale. Anaitazama, anatazama kilima, anacheka. Sekunde nne za mwisho ni nembo na kaulimbiu fupi, muda wa kutosha mtu kusoma bila kuharakishwa. Benki haiwezi kuliazima tangazo hili, wala kampuni ya soda.

Hatari ya kuchelewesha jina ipo, tena kubwa. Watu humkumbuka mzee na kumsahau mwenye tangazo. Nchini Tanzania tatizo linaongezeka kwa sababu kampuni hufanana rangi: Vodacom ni nyekundu, na Airtel ni nyekundu. Kwa hiyo kuvalisha kila kitu rangi ya kampuni si dawa. Kipimo kizuri ni cha kesho yake: waliotazama waombwe wasimulie kisa, kisha waulizwe ni cha nani. Wakisimulia vizuri na kutaja mshindani, kilichoshindwa ni kiungo kati ya jioni ya kwanza na ya pili. Pale mtandao kufika nyumbani hakujaonekana wazi, na picha ya mnara, sekunde moja tu kabla ya kigoda mlangoni, inaweza kutengeneza.

Kikwazo cha pili kiko kwenye simu za watazamaji wenyewe. Katika YouTube, matangazo mengi huruhusu mtu kuyaruka baada ya sekunde tano. Anayeruka hapo ameona vifungo vya shati tu. Kampuni haikupata hata jina. Ndiyo maana picha ile ya kwanza lazima izue swali papo hapo, na ndiyo maana tangazo la siri hufaa zaidi katikati ya taarifa ya habari au kwenye sinema kuliko mahali mtu ana kidole tayari. Kampuni isiyoweza kulipia nafasi hizo ni afadhali iandike tangazo linalotaja jina mapema.

Na kabla ya kamera kuwashwa, mtu apande hadi kijiji kitakachopigwa picha, akae mlangoni alipokaa mzee, apige simu. Simu isipotoka, tangazo hilo lisirushwe. Wa kwanza kujua ni uongo watakuwa majirani wa mzee, ambao bado wanapanda kilima.