Ngozi Huungua Zaidi Mionzi Ikishakwisha

Mgonjwa wa saratani ya titi aliyepangiwa mionzi mara 15 hulala kwenye mashine kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tatu. Ijumaa ya mwisho huaga wauguzi, hukusanya karatasi zake na kukata tiketi ya basi. Amefurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini kwa wengi ngozi ya siku hiyo bado haijafika ukomo wa kuungua. Itaufikia baada ya wiki moja au mbili, wakati yeye yuko nyumbani Songea au Kigoma, mbali na Taasisi ya Saratani Ocean Road na mbali na muuguzi aliyekuwa akimkagua.

Sababu iko kwenye namna ngozi inavyojijenga. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda polepole, na zikifika juu hukauka na kupukutika. Safari hiyo huchukua kama mwezi. Mionzi huziumiza zaidi zile za chini zinazozaliana, na zile za juu huendelea kukaa mahali pake kwa muda kana kwamba hakuna kilichotokea. Zinapopukutika kwa wakati wake, chini hakuna za kutosha kuziba nafasi. Ndiyo maana wiki ya kwanza mtu hujiona mzima, wiki ya pili au ya tatu ngozi huanza kubadilika, na shida yenyewe huja mashine imeshasahaulika.

Tumchukulie mama wa miaka 52, wa kubuni, aliyetolewa uvimbe bila kukatwa titi zima. Ametoka Songea na amefikia kwa mdogo wake Mbagala. Miezi iliyopita alimaliza dripu za kemo, kwa hiyo anaanza mionzi ngozi yake ikiwa tayari kavu na kucha zimeingia weusi. Kila asubuhi anapanda daladala, anatoka jasho, mkanda wa pochi unamsugua kwapani, na sidiria yenye waya inabana chini ya titi. Joto, unyevu na msuguano vitamuumiza kuliko anavyodhani.

Atasikia kwa jirani kwamba mtu wa mionzi haogi. Ushauri huo ulikuwepo hata hospitalini zamani, lakini majaribio yalipofanywa yalionyesha kwamba kuosha taratibu hakuzidishi kuungua. Aoge kila siku, kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu, na sabuni laini isiyo na manukato, kama ile ya watoto wachanga. Povu alitengeneze kiganjani, alipitishe juu ya ngozi kwa mkono mtupu, kisha ajimwagie kwa kopo. Dodoki, jiwe la kusugulia, sabuni ya mche na sabuni kali za kuua vijidudu vikae kando hadi apone. Alama alizochorwa ili mashine ilenge pale pale kila siku asizisugue, na zikififia asizichore mwenyewe kwa kalamu. Awaambie watu wa mashine.

Kukausha kunahitaji uangalifu kuliko hata kuosha. Taulo laini, aligandamize tu bila kufuta. Chini ya titi alinyanyue, apakaushe, kisha ajipepee kwa kipande cha karatasi mpaka unyevu uishe. Poda asiipeleke huko, maana ikichanganyika na jasho hugeuka vidonge vinavyokwaruza.

Mafuta yasiwe na harufu wala rangi. Mafuta ya mgando ya kawaida yanafaa, au krimu nzito isiyo na manukato, kiasi kidogo tu cha kuifanya ngozi iteleze, mara mbili kwa siku, kwenye ngozi ambayo haijapasuka. Kwenye joto la Dar es Salaam kupaka mengi chini ya titi ni kufungia jasho. Kuhusu saa ya kupaka, utaratibu rahisi ni kupaka akirudi kutoka kwenye mashine na tena kabla ya kulala, ili aingie kwenye mionzi ngozi ikiwa haina tabaka la mafuta. Tabaka jembamba halina madhara makubwa, lakini lililo nene huweza kuongeza kiasi cha mionzi kinachoishia kwenye ngozi yenyewe. Kituo chake kikimwelekeza vingine, afuate kituo.

Liwa, manjano, mafuta ya kafuri na udi wa kujifukiza vina mahali pake katika urembo wa pwani, ila mahali hapo si kifua kinachopigwa mionzi. Mkorogo wa kung'arisha ngozi ni hatari zaidi, kwa kuwa mara nyingi humo ndani mna dawa kali zinazokonda ngozi na mnunuzi haambiwi ni zipi. Mshubiri wengi huuamini, lakini majaribio hayakuonyesha kwamba unazuia ngozi kuungua. Kuna krimu za steroidi ambazo daktari anaweza kuziandika tangu mwanzo kupunguza makali, na hizo zina ushahidi. Ziandikwe na daktari, zisinunuliwe kwa kukisia duka la dawa.

Sasa tufike wiki ya pili. Vitabu vingi vya wagonjwa husema tazama wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa, na mama wetu akiusubiri atachelewa. Kwake ngozi itakoza weusi, au itaelekea zambarau au kijivu, itang'aa na kuvutika kidogo. Njia nzuri ni kutumia mkono: aweke mgongo wa kiganja upande unaotibiwa, kisha upande wa pili, alinganishe joto. Ikiwa panachemka, panawasha au pamekakamaa, kuungua kumeanza hata kama kioo hakisemi kitu. Akague chini ya titi na kwapani kwanza, kwa sababu mikunjo hutangulia. Kisha amwombe mdogo wake atazame nyuma ya bega. Mionzi ikielekezwa juu ya mfupa wa mtulinga hupenya na kutokea mgongoni, na wapo wanaoshangaa kukuta alama mahali ambapo mashine haikuelekea.

Baadaye ngozi huanza kubanduka. Ikibanduka kavu, kama magamba, aendelee vile vile na asiyavute. Ikibanduka na kuacha pabichi pa waridi, panatoa maji ya manjano na kunata kwenye nguo, mambo yamebadilika. Hapo mafuta yake ya kawaida yasimame, na muuguzi apaone siku hiyo hiyo. Patahitaji kusafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali na kufunikwa kwa bandeji isiyoshika kidonda, ishikiliwe na sidiria laini ya pamba au kipande cha khanga, kwa sababu plasta ikibanduliwa hutoka na ngozi. Asali, dawa ya meno, majivu na ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda visiguse pale. Harufu mbaya, usaha, maumivu yanayozidi au homa vinaonyesha kuwa kidonda kimeingia vijidudu. Muwasho mkali mkunjoni wenye vipele vidogo pembezoni mara nyingi ni fangasi, nayo ina dawa yake.

Jua tulishughulikie kwa nguo. Kifua na shingo vilivyopigwa mionzi vifunikwe kwa pamba nyepesi iliyolegea, mtandio juu ya shingo, mwavuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kwenye daladala achague upande wa kivuli. Losheni ya kukinga jua, kama ile wanayotumia watu wenye ualbino, yenye SPF 30 au zaidi, ni ya uso, mikono na sehemu nyingine zilizo wazi, na si ya ngozi iliyochubuka. Eneo lile litabaki dhaifu mbele ya jua muda mrefu baada ya kupona, kwa hiyo kulifunika kusiishe na tiba.

Walio kwenye kemo bado wana hesabu tofauti kidogo, maana dawa hupita mwili mzima. Baadhi ya dawa, kama fluorourasili na methotreksati, huifanya ngozi iungue jua kwa haraka. Vidonge vya kapesitabini huwaka viganjani na nyayoni: kwanza ganzi na mchomo, kisha uvimbe, kisha malengelenge. Anayevimeza apake krimu ya urea viganjani na nyayoni tangu mwanzo, aepuke maji ya moto ya kufulia na viatu vinavyobana, na mchomo ukianza kumzuia kutembea au kushika sufuria awaambie mapema, kwa kuwa mara nyingi dozi hupunguzwa na viganja hurudi. Dripu ikichoma au mkono ukivimba pale sindano ilipoingia, aseme hapo hapo, asingoje chupa iishe. Hina haijakatazwa kucha, lakini huficha weusi na maji yanayokusanyika chini ya ukucha; piko aliache kabisa. Na mtu aliyepigwa mionzi akianza dripu baadaye, ngozi ile ile ya zamani inaweza kuungua upya. Asidhani ni mzio wa sabuni.

Kabla ya tiketi ya basi, mama wetu ana maswali ya kuuliza, na ayaandike kwa sababu chumbani kwa daktari husahaulika. Mionzi yangu inaingia wapi na inatokea wapi? Ninaweza kutumia dawa ya kwapa, na hadi lini? Ngozi ikifunguka nikiwa Songea, nampigia nani, na ni hospitali gani ya karibu inayoweza kunifunga kidonda? Naomba bandeji za kutosha wiki mbili, au jina la bandeji niwaonyeshe huko. Katika dawa ninazoendelea nazo, ipi haitaki jua? Lini nirudi kuonwa? Karatasi ya majibu aisafirishe ndani ya pochi, wala si kwenye begi linalowekwa buti ya basi.

Nyumbani aendelee kuosha, kupaka na kufunika kama alivyokuwa akifanya Mbagala, hadi ngozi ifunge. Kwa wengi huchukua wiki mbili hadi nne baada ya mionzi ya mwisho, ingawa weusi hukaa miezi. Na wewe unayesoma ukiwa kwenye dripu, nunua kipimajoto leo. Joto likifika nyuzi 38, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu dripu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na jambo la kwanza kusema mapokezini ni kwamba uko kwenye kemo.