Dakika ishirini kati ya kitanda na meza

Mazoezi ya mzunguko yalibuniwa mwaka 1953 katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na R. E. Morgan na G. T. Adamson. Mtu hutoka zoezi moja hadi jingine bila kupumzika sana, kila mmoja kwa kipimo chake. Mpangilio huo unamfaa mwanafunzi mwenye nafasi ya mkeka mmoja tu sakafuni, na maelezo yake yote yanaenea kwenye nusu ya karatasi ya A4 iliyobandikwa ukutani.

Kadi huandikwa hivi: “Pasha mwili dakika 3. Kisha: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kurudisha mguu mmoja nyuma na kukunja magoti, kwa zamu, kujishikilia juu ya viwiko, kulala chali na kuinua nyonga. Kila zoezi sekunde 40, pumzika 20. Raundi 3. Pumzika dakika 1 kati ya raundi.” Jumla ni dakika 20. Hakuna kuruka, kwa hiyo anayelala chumba cha chini hasumbuliwi.

Mfuatano huo usivurugwe. Baada ya kuchuchumaa, miguu hupumzika wakati kifua na mikono vinafanya kazi, huku moyo ukiendelea kwenda mbio. Ndiyo maana sekunde 20 zinatosha. Pushapu na kujishikilia juu ya viwiko zikifuatana, mabega huchoka kabla ya tumbo kupata kazi yake.

Pembeni mwa kadi huachwa nafasi ya kuandika idadi ya pushapu za kila raundi. Tuseme mwanafunzi ameandika 12, 9, 4. Kushuka kwa kiasi hicho kunaonyesha kwamba zoezi bado ni zito kwake, na kwa kawaida zile nne za mwisho kiuno kilikuwa kimebonyea. Safari ijayo aweke mikono kwenye ukingo wa meza iliyoegemezwa ukutani isiteleze. Kadiri mikono inavyokuwa juu, ndivyo uzito inaoubeba unavyopungua. Akipata 12, 12, 11 huku mgongo umenyooka, ashuke kwenye ukingo wa kitanda, kisha sakafuni.

Katika kuchuchumaa, kosa la kawaida ni visigino kuinuka au magoti kuingia ndani. Dawa yake ni kupanua miguu kidogo na kutoshuka sana, si kuongeza kasi. Kasi inayofaa humwacha mtu aweze kusema sentensi fupi lakini asiweze kuimba. Kizunguzungu au maumivu ya kifua yakitokea, mazoezi husimamishwa hapo hapo, na maumivu ya kifua yanahitaji daktari.

Kuna pengo ambalo kadi hii hailizibi: hakuna zoezi la kuvuta, na misuli ya mgongo wa juu haipati kazi ya kutosha. Bomba la chuma la uwanjani hulimaliza tatizo hilo. Mlango wa chumba usijaribiwe, kwani bawaba zake hazikutengenezwa kubeba mtu.