Cherehani Itajwe Mara Ngapi?

Mwaka 2007, UCAS, chombo kinachopokea maombi ya kujiunga na vyuo vikuu vya Uingereza, kilipitisha maelezo binafsi ya waombaji kwenye programu ya kompyuta inayosaka maandishi yanayofanana. Waombaji 234 wakakutwa wamesimulia kisa kimoja: jinsi walivyounguza pajama zao hadi zikatoboka, wakichezea vifaa vya kemia siku walipotimiza miaka minane. Pajama 234, tundu moja.

Kunakili ni kosa lenye jina lake, na si hilo linalotuhusu hapa. La kujiuliza ni kwa nini watu wote hao waliipenda pajama ile. Waliipenda kwa sababu inarahisisha kazi: mtoto, moto, kemia, kisha udaktari. Picha moja inabeba maisha mazima. Hata mwombaji mwaminifu, anayeandika ya kwake mwenyewe, huitafuta picha ya namna hiyo, na akishaipata huing'ang'ania toka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho.

Tuchukue mwombaji wa kubuni. Ni binti wa Tanga, mama yake ni fundi cherehani, naye anaomba kusomea uhandisi wa ujenzi. Rasimu yake ya kwanza inaanza na mlio wa cherehani usiku. Aya ya pili inasema kwamba alipofeli jaribio la fizikia aliishona upya nia yake. Ya tatu inasema klabu ya mazingira ilikuwa uzi uliowaunganisha wanafunzi. Ya nne inamwonyesha akipita kwenye matatizo kama sindano kwenye kitambaa kigumu. Mwishoni anaahidi kuwashonea Watanzania mustakabali mpya. Neno la ushonaji limeingia katika kila aya, na msomaji akimaliza hajui binti huyu amewahi kufanya nini.

Kasoro haiko kwenye cherehani. Kwenye rasimu hii cherehani ni pambo tu, na aya ya jaribio la fizikia ingesimama vilevile kama mama yake angekuwa mpishi au dereva; ungebadilisha maneno mawili tu, nia ikapikwa upya au ikageuzwa njiani. Hapo ndipo mahali pa kupimia. Ukiona picha inaweza kung'olewa na kupachikwa nyingine bila aya kutikisika, ujue imebandikwa.

Wasomaji wa mashairi ya Kiswahili wana njia nzuri ya kuiona tofauti hii. Kibwagizo hurudi kilekile katika kila ubeti, neno kwa neno. Vina navyo hurudi, lakini kila mara huja na neno jipya lenye maana mpya. Sikio linasikia undugu huku akili ikipokea habari nyingine. Rasimu ya binti wa Tanga imejaa kibwagizo. Anachohitaji ni vina.

Basi vina hivyo vinatoka wapi? Mara nyingi haviko kwenye kitu. Viko kwenye tendo. Mwombaji anayeanza na kitu (cherehani, mto, kanga ya bibi) hulazimika kuzisukuma habari zake zote zikilingane. Anayeanza upande wa pili huandika kwanza matukio manne au matano aliyoyaishi, kila moja kwenye karatasi yake, bila kutafuta uhusiano wowote. Kisha huyasoma kwa pamoja akiuliza: mimi nilifanya nini hapa? Kitenzi kikijirudia chenyewe, dhamira imepatikana. Kisipojirudia, ni heri kuandika bila dhamira moja. Maelezo yaliyo wazi hayamnyimi mtu nafasi kwa sababu tu hayana uzi wa kuyapitia.

Turudi kwa binti yetu, safari hii na karatasi zake mezani. Karatasi ya kwanza: akiwa na miaka 12, cherehani ya mama ilianza kukusanya nyuzi chini ya kitambaa. Wote wakahangaika na bobini, kwa kuwa fujo ilionekana chini. Yeye akaufuata uzi wa juu kuanzia kwenye gurudumu lake, akakuta haukuingia barabara kati ya visahani vinavyoubana, kwa hiyo ulikuwa ukilegea. Karatasi ya pili: mabomba ya bweni yalikuwa yakikauka kila jioni, na shule ikawa inabadilisha koki. Alipopanda na fundi hadi kwenye tangi, waliona boya limekwama na kufunga maji kabla tangi halijafika nusu. Karatasi ya tatu: ni kiranja wa bwalo, jambo ambalo halihusiani na lolote. Ya nne: katika jaribio la umeme mita ilisoma sifuri, akakagua waya mmoja mmoja badala ya kubadilisha mita.

Tendo limejitokeza mara tatu bila kulazimishwa: huyu ni mtu anayeacha mahali tatizo linapoonekana na kufuata njia hadi linakoanzia. Sasa cherehani inastahili sentensi tatu au nne za mwanzo, pamoja na visahani vyake, maana pale ndipo tendo lilipozaliwa. Kwenye tangi haitajwi kabisa. Msomaji ataona mwenyewe kwamba anayepanda ngazi ni yule yule aliyekuwa akifuata uzi, na raha ya kuliona ni yake. Mwandishi akiongeza "kama nilivyofanya kwenye cherehani", ameinyang'anya.

Jambo la pili ni kwamba tendo lazima lisogee. Kwenye cherehani alifuata uzi kwa macho tu. Kwenye tangi ilibidi aelewe jinsi maji yanavyoingia na kutoka. Kwenye umeme hakukuwa na cha kuona. Alihitaji kanuni ya kumwongoza aanzie wapi. Kila hatua inadai ujuzi zaidi, na hapo ndipo sababu ya kutaka shahada inapojitokeza yenyewe. Matukio matatu yenye uzito ule ule yangekuwa kibwagizo tena, hata bila kutaja uzi wala sindano.

Ukiranja je? Ukitajwa, utajwe kavu, kwa sentensi moja, bila kudaiwa kwamba nao ulikuwa safari ya kutafuta chanzo. Hapa ndipo wengi huteleza: wakishapata dhamira hutaka hata alama za mtihani ziivae. Kwa wanaoomba kuanza masomo ya 2026 na kuendelea, UCAS imeligawa andiko lile la herufi 4,000 katika maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na ni nini kingine umefanya nje ya masomo. Mpangilio huo unamsaidia binti. Cherehani inakaa kwenye swali la kwanza, umeme kwenye la pili, tangi kwenye la tatu pamoja na ukiranja. Insha ya Common App ya vyuo vya Marekani, yenye kikomo cha maneno 650, ni simulizi moja, kwa hiyo humo tukio la cherehani linaweza kupewa nafasi kubwa zaidi.

Rasimu ikikamilika, apewe mtu asiyemjua vizuri aisome mara moja kisha airudishe. Baada ya saa moja aulizwe anakumbuka nini. Akijibu "yule wa cherehani" na kunyamaza, picha imemmeza mwenye nayo. Akisema "yule aliyepanda kwenye tangi wakati wenzake wanabadilisha koki", kazi imefanyika, hata kama cherehani ameisahau.

Inabaki aya ya mwisho, ambako kishawishi cha kurudi kwa mama na mlio wa usiku ni kikubwa. Binti anamaliza na mifereji ya mtaa wao, inayofurika kila masika ingawa huzibuliwa kila mwaka, na swali ambalo bado hana hesabu ya kulijibu: maji hayo yanaanza kukusanyikia wapi?